Istilahi za mtihani wa tafsiri: namna ya kupanga jozi za Kiingereza na Kiswahili kwa fani, na kila jozi na sentensi yake

Chukua neno "discharge". Likija kwenye aya ya mahakama ni mshtakiwa kuachiwa, kwenye aya ya hospitali ni mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, kwenye aya ya kliniki ya kinamama ni kutokwa na uchafu ukeni, na kwenye ripoti ya mazingira ni kiwanda kutiririsha majitaka mtoni. Sasa mtu aliyekariri orodha ya "discharge = kuachilia" akikutana na aya ya hospitali ataandika mgonjwa ameachiliwa, na msahihishaji anakata maksi hapohapo kwa sababu mgonjwa hakuwa amefungwa.

Ndo maana nasema orodha ya maneno mawili mawili haitoshi kwa huu mtihani. Mtihani unakupa aya, haukupi neno, kwa hiyo na wewe weka istilahi zako ndani ya sentensi, na sentensi zako ndani ya fani. Mwongozo huu nimeuandika kwa fani tatu zinazotokea sana, yaani sheria, fedha na afya, ila sheria nitakaa nayo zaidi maana ndo yenye mitego mingi na kwa Tanzania toka marekebisho ya sheria ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, maandishi ya fani hii yamekuwa mengi kuliko zamani.

HATUA YA 1: Tengeneza kadi yenye sehemu tano

Tumia daftari au simu, vyovyote. Kila istilahi iwe na sehemu hizi: fani, neno la Kiingereza, neno la Kiswahili, sentensi nzima ya Kiswahili, na mwisho "jirani", yaani lile neno ambalo mtu anaweza kulichanganya nalo. Watu wengi hawaweki jirani kabisa, wakati pale ndipo maksi zinapopotea. Mfano wa kadi iliyokamilika:

Fani: sheria, jinai
Kiingereza: "suspect"
Kiswahili: mtuhumiwa
Sentensi: Polisi wanawashikilia watuhumiwa watatu kwa mahojiano.
Jirani: mshtakiwa, huyu ameshafikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka.

Sentensi usiitunge kichwani, itoe kwenye maandishi halisi, alafu ifupishe. Kwa sheria nenda kwenye tovuti ya TanzLII ambako hukumu zinawekwa bure na nyingine ziko kwa Kiswahili, au chukua Katiba ya Tanzania ya 1977 ambayo ipo kwa lugha zote mbili, ukaziweka nakala mbili pembeni kwa pembeni. Kwa fedha soma taarifa za Benki Kuu, kwa afya soma vipeperushi na matangazo ya Wizara ya Afya. Sababu ya kufanya hivi ni kwamba istilahi ina kitenzi chake inachotembea nacho: dhamana inatolewa, rufaa inakatwa, shauri linafunguliwa, kiapo kinaapwa. Ukijua nomino bila kitenzi chake utaandika "alifanya rufaa" na kila mtu atajua hujawahi kusoma hukumu hata moja.

HATUA YA 2: Sheria, anza kwa kutenganisha madai na jinai

Kabla hujatafsiri neno lolote kwenye aya ya mahakama jiulize hii kesi ni ya madai au ya jinai. Ukiona "prosecution", "Republic", "charged", "guilty", hiyo ni jinai. Ukiona "plaintiff", "suit", "damages", hiyo ni madai. Jibu la swali hilo linaamua majina ya watu wote waliomo kwenye aya.

Upande wa madai:

"plaintiff" – mdai. Mdai anaiomba mahakama imwamuru mdaiwa amlipe fidia ya shilingi milioni kumi.

"defendant" – mdaiwa. Mdaiwa hakufika mahakamani ingawa alipelekewa wito.

"parties" – wadaawa. Wadaawa wamekubaliana kumaliza shauri lao nje ya mahakama. Usiandike vyama, vyama ni vya siasa au vya ushirika.

"execution of decree" – kukazia hukumu. Mdai amefungua maombi ya kukazia hukumu kwa sababu mdaiwa amegoma kulipa. Huu ni mtego mkubwa, kuna watu wanaona "execution" wanafikiria kunyongwa, na aya yenyewe inahusu deni la kiwanja.

Upande wa jinai:

"accused" – mshtakiwa. Mshtakiwa alisomewa shtaka lake na kulikana. Na hapa kumbuka "defendant" nayo inaweza kutokea kwenye aya ya jinai, hasa kama imetoka Marekani au Uingereza, ikitokea hivyo ni mshtakiwa, sio mdaiwa.

"complainant" – mlalamikaji. Mlalamikaji aliieleza mahakama kuwa alivamiwa usiku akiwa njiani kurudi nyumbani. Kenya utaona mlalamishi.

"charge sheet" – hati ya mashtaka. Hati ya mashtaka inaonyesha kosa lilitendeka Kinondoni.

"exhibit" – kielelezo. Panga hilo lilipokelewa mahakamani kama kielelezo.

"prima facie case" – kesi ya kujibu. Mahakama imeona mshtakiwa ana kesi ya kujibu, hivyo ataanza kujitetea. Ukijaribu kutafsiri neno kwa neno utaishia kwenye kitu kama kesi ya mwonekano wa kwanza, ambacho hakuna hakimu anayekisema.

Sasa mnyororo wa mwisho wa kesi, huu uandike wote kwenye ukurasa mmoja kwa sababu maneno yake yanategemeana. "Ruling" ni uamuzi, hasa uamuzi mdogo unaotolewa katikati ya kesi kuhusu jambo moja, mfano kama kielelezo kipokelewe au la. "Judgment" ni hukumu. "Conviction" ni kutiwa hatiani. "Sentence" ni adhabu. Shida inakuja kwamba mtaani tunasema "amehukumiwa miaka mitatu", yaani hukumu inabeba na adhabu pia, na kwenye mazungumzo hakuna tatizo, ila kwenye mtihani ukipewa "The appellant challenges both conviction and sentence" na wewe ukaandika mrufani anapinga hukumu na hukumu, umekwama. Hapo ni: Mrufani anapinga kutiwa hatiani na adhabu aliyopewa. Ona pia kwamba "conviction" imegeuka kitenzi, na hii ni kawaida, Kiingereza cha sheria kinapenda nomino, Kiswahili cha sheria kinapenda vitenzi, kwa hiyo usilazimishe nomino pale ambapo kitenzi kinakaa vizuri.

Kuna na tofauti ya "discharge" na "acquit". Aliyekuwa "acquitted" ameachiwa huru baada ya mahakama kuona hana hatia. Aliyekuwa "discharged" kwa sababu upande wa mashtaka umeondoa kesi, mara nyingi anaweza kukamatwa tena na kushtakiwa upya kwa jambo lilelile. Kwa hiyo neno huru lipe la kwanza tu: Mahakama imemwachia huru mshtakiwa baada ya kuona ushahidi hautoshi. La pili: Mahakama imemwachia mshtakiwa baada ya upande wa mashtaka kueleza kuwa hauna nia ya kuendelea na kesi. Neno moja dogo hilo linabadilisha hali ya mtu kisheria.

"Custody" nayo iangalie. Mtuhumiwa akiwa "in custody" yuko mahabusu au rumande. Ila kwenye kesi ya talaka "custody of the children" ni malezi ya watoto: Mahakama imempa mama haki ya kukaa na kulea watoto. Mtoto hawekwi mahabusu na mama yake.

Kwa maandishi ya sheria zenyewe, sio kesi, jozi za kuanza nazo ni hizi: "Act" ni Sheria, "Bill" ni muswada, "section" ni kifungu, "subsection" ni kifungu kidogo, "article" ya Katiba ni ibara, "schedule" ni jedwali, "regulations" ni kanuni, "by-laws" ni sheria ndogo. Na ile "Cap." ya kwenye sheria za Tanzania ni Sura, kwa hiyo "Penal Code, Cap. 16" inaandikwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. "Shall" inayowatesa watu wengi, fungua Katiba ibara ya 33 uone ilivyofanyika: Kiingereza kinasema "There shall be a President of the United Republic", Kiswahili kinasema Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hakuna lazima wala sharti, ni -ta- tu inabeba mzigo wote. "May" ikimpa mtu mamlaka ni anaweza au aweza.

HATUA YA 3: Fedha, fuatilia neno dhamana

Kwenye fedha mtego unageuka, safari hii ni neno moja la Kiswahili linalobeba maneno mengi ya Kiingereza. Dhamana. Mahakamani ni "bail". Benki ni "collateral", ile nyumba au shamba unaloweka ili upate mkopo. Serikalini kuna dhamana za serikali za muda mfupi ambazo ni "Treasury bills". Na mtu akikuhakikishia kitu unachonunua kwa mwaka mzima, nayo ni dhamana. Kama mtihani wako unakwenda pande zote mbili, yaani Kiswahili kwenda Kiingereza pia, basi dhamana iwe na ukurasa wake na sentensi nne:

Mahakama imempa mshtakiwa dhamana.
Benki inataka dhamana ya nyumba ndipo itoe mkopo.
Serikali imeuza dhamana za muda mfupi kwa njia ya mnada.
Friji hili lina dhamana ya mwaka mmoja.

Alafu kuna "bond". Likiwa kwenye fedha ni hatifungani: Serikali imetoa hatifungani ya miaka ishirini. Likiingia mahakamani ni bondi anayosaini mdhamini. Neno moja, ofisi mbili.

"interest" – kwenye mkopo ni riba: Riba ya mkopo huu inalipwa kila mwezi. Kwenye utawala na sheria ni maslahi, na "conflict of interest" ni mgongano wa maslahi: Mjumbe huyo alijitoa kwenye kikao ili kuepuka mgongano wa maslahi.

"inflation" – mfumuko wa bei. Mfumuko wa bei umepungua baada ya mavuno kuwa mazuri.

"dividend" – gawio. Wanahisa wamelipwa gawio lao. Jirani ni faida, na sio kitu kimoja, kampuni inaweza kupata faida na isitoe gawio.

"budget deficit" – nakisi ya bajeti. Serikali itakopa ndani na nje ili kuziba nakisi ya bajeti.

"policy" – sera, isipokuwa kwenye bima, pale ni mkataba wa bima. Aya ikisema "the policy has expired" na juu yake kuna gari limepata ajali, mkataba wa bima ndo umeisha muda, sio sera.

"default" – kushindwa kulipa. Mkopaji akishindwa kulipa, benki itauza nyumba yake. Hapa tena nomino ya Kiingereza imekuwa kitenzi.

HATUA YA 4: Afya, maneno ni mepesi ila angalia sugu na madhara

Magonjwa yenyewe hayana shida sana, "stroke" ni kiharusi, "tuberculosis" ni kifua kikuu, "cholera" ni kipindupindu, "hypertension" ni shinikizo la juu la damu. Mtu anasoma wiki moja anayajua. Kazi iko kwenye sifa za magonjwa.

"Chronic" wengi wanaandika sugu, na ni sahihi, tunasema magonjwa sugu. Ila kifua kikuu sugu sio "chronic TB", ni kile ambacho dawa za kawaida hazikiwezi, yaani "drug-resistant". Kwa hiyo ukikuta aya yenye maneno yote mawili usitumie sugu mara mbili. "Drug-resistant" ipe sugu, na "chronic" iandike ya muda mrefu: Wagonjwa wenye magonjwa ya muda mrefu wako kwenye hatari zaidi ya kupata kifua kikuu sugu.

"Side effects" wengi wanaandika madhara. Vipeperushi vya chanjo Tanzania vinatumia maudhi madogo madogo pale inapokuwa ni homa ndogo au maumivu ya mkono, na madhara inaachwa kwa mambo makubwa. Angalia aya inazungumzia nini: Baada ya chanjo mtoto anaweza kupata maudhi madogo madogo kama homa na uvimbe pale alipochomwa sindano. Ukiandika madhara hapo umemtisha mama bure.

"Case" kwenye afya sio kesi, ni mgonjwa. "Two confirmed cases of cholera" ni wagonjwa wawili waliothibitika kuwa na kipindupindu. "Outbreak" ni mlipuko. Na "non-communicable diseases" ni magonjwa yasiyo ya kuambukiza.

HATUA YA 5: Jaribu kwenye aya nzima

Hii hapa aya ya aina ninayoiona sana, ifanye mwenyewe kwanza kabla hujashuka chini:

"The accused was granted bail on condition that he produce two reliable sureties, each to sign a bond of five million shillings. He failed to meet the conditions and was remanded in custody. The case was adjourned to 14 May for mention."

Kwanza isome yote bila kuandika. Mshtakiwa, dhamana, rumande, hii ni jinai. Alafu andika pembeni istilahi zake kabla ya sentensi yoyote: mshtakiwa, dhamana, wadhamini, bondi, rumande, kuahirishwa, kutajwa. Hiyo ya mwisho ndo inayotenganisha aliyesoma na aliyekisia, kwa sababu "mention" sio kumtaja mtu, ni kesi kuja mahakamani kutajwa tu bila ushahidi kusikilizwa. Siku ya ushahidi ni "hearing", kesi kusikilizwa.

Tafsiri yangu: Mshtakiwa alipewa dhamana kwa sharti la kuwa na wadhamini wawili wa kuaminika, ambao kila mmoja atasaini bondi ya shilingi milioni tano. Alishindwa kutimiza masharti hayo na akarudishwa rumande. Kesi hiyo iliahirishwa hadi Mei 14 itakapotajwa.

Ona "was remanded in custody" haijawa alirumandishwa katika mahabusu, rumande peke yake imeshamaliza. Na ona nimeongeza hayo na hiyo, kwa sababu Kiswahili kinapenda kurudisha msomaji kwenye kitu kilichotajwa juu. Kuna mtu angeandika dhamana yake ilikuwa wazi, ni lugha halisi ya mahakamani, ila maana yake ni kwamba dhamana inaruhusiwa akitimiza masharti, na hapa ingefaa pia maana kweli hakuyatimiza. Zote mbili zinakubalika mradi usichanganye katikati ya aya.

Ukimaliza ficha Kiingereza, soma Kiswahili chako na ukirudishe kwenye Kiingereza kwa kichwa. Kama bondi imekurudia kama "bail" basi umetumia neno moja kwa vitu viwili. Baada ya hapo pita ngeli tu, usiangalie kitu kingine: hati imepokelewa, kielelezo kimepokelewa, shauri limefunguliwa, mashtaka yamesomwa. Makosa ya ngeli yanakuja zaidi kwenye sentensi ndefu ambapo nomino iko mbali na kitenzi chake.

HATUA YA 6: Ukikutana na neno hulijui

Usiache pengo na usiliandike kwa Kiingereza. Livunje. Mfano "plea bargaining", utaratibu ulioingizwa kwenye sheria ya Tanzania 2019. "Plea" unajua inahusu mshtakiwa kukiri au kukana, "bargaining" ni majadiliano, na aya itakuonyesha kwamba anakiri ili apunguziwe adhabu. Ukiandika majadiliano ya kukiri kosa, umefika kwenye neno linalotumika kweli bila kulikariri. Likigoma kuvunjika, andika kazi ya kile kitu kwa maneno ya kawaida, na ulitumie hivyohivyo hadi mwisho wa aya, maana kubadilisha badilisha kunamfanya msahihishaji adhani ni vitu viwili tofauti.

HATUA YA 7: Andika nchi kwenye kadi

Kama mtihani ni wa Tanzania, Mahakama ya Rufani, muswada, Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kama ni wa Kenya, Mahakama ya Rufaa, mswada, na "tax" mara nyingi ni ushuru, wakati kwa Tanzania ushuru ni ule wa forodha na wa bidhaa na sokoni, na kodi ndo neno la jumla. Ukisoma gazeti la Nairobi na hukumu ya Dodoma siku moja utajikuta unaandika rufaa ya mlalamishi kwenye Mahakama ya Rufani. Rufaa yenyewe kama kitendo inatumika pande zote, mtu anakata rufaa popote alipo, tofauti iko kwenye jina la mahakama na majina ya watu, kwa Tanzania mrufani na mjibu rufani. Weka herufi mbili juu ya kila kadi, TZ au KE, na siku ya mtihani soma maelekezo uone aya imetoka wapi kabla hujachagua upande.